Saizi haipewi ukurasa
Wasee mnaouza sweta za shule mtandaoni Kitale na Bungoma, acheni kufungulia kila saizi ukurasa wake. Rangi 4 mara saizi 6 ni kurasa 24 zenye maneno yaleyale. Google huenda ikaonyesha mmoja tu, na maoni ya wateja yatatawanyika. Saizi 30 ikiisha, mama anapata ukurasa mtupu anaenda zake, na 32 ingemtosha mtoto.

Rangi ni hadithi tofauti. Mzazi huandika "sweta ya maruni" juu shule ndiyo imeamua. Hiyo ipe ukurasa na kichwa chake, saizi zote zichaguliwe hapo ndani. Kurasa 4, basi.

Kofia, ambayo mtu huchagua rangi akishaiona? Ukurasa mmoja unatosha.