Maoni Yetu: Mlango wa mzabuni mdogo uko masjala

Kila mwaka mpya wa fedha wa Serikali unapoanza mwezi Julai, mafundi na wafanyabiashara wadogo huulizana swali lile lile: unamjua nani pale? Swali hilo ndilo linalomlisha dalali. Anadai ana mtu wake ndani, anataka chochote cha kufungulia njia, kisha anatoa namba ya simu ya ofisa ambaye pengine hahusiki kabisa na bidhaa unayouza. Tunasema bayana kwamba fedha hiyo ni bora inunue kitambaa. Njia ya kumfikia mnunuzi wa taasisi ya umma ipo, haina siri, na anayeijua hahitaji kumlipa mtu.

Kwanza ijulikane nani hufanya nini. Ndani ya taasisi ya umma, hitaji huzaliwa kwenye idara tumizi, yaani idara itakayotumia bidhaa. Hiyo ndiyo inayosema inataka nini, kiasi gani na cha ubora upi. Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi hukusanya mahitaji ya idara zote, huandaa mpango wa ununuzi wa mwaka na kuendesha zabuni. Bodi ya Zabuni huidhinisha, na afisa masuuli, ambaye ndiye mkuu wa taasisi, hubeba dhamana ya yote. Mzabuni mdogo anayekimbilia kwa mkuu wa taasisi peke yake anapanda ngazi ambayo mahitaji hayajaifikia bado.

Tuchukue mfano wa fundi wa Morogoro mwenye cherehani nne, anayetaka kuishonea mamlaka ya maji ovaroli za mafundi wake wa mabomba. Kila cherehani inatoa ovaroli mbili kwa siku, kwa hiyo karakana nzima inatoa 8, na oda ya ovaroli 120 inahitaji siku 15 za kazi. Hesabu hiyo ndogo ina uzito kuliko maneno yote ya "tunatoa huduma bora kwa bei nafuu", kwa sababu inajibu swali ambalo ofisa ununuzi hujiuliza kila anapoona jina jipya: huyu akipewa kazi, ataimaliza?

Fundi huyo aende lini? Wengi huenda tangazo likishatoka, wakati mambo ya msingi yameshaandikwa. Bunge la bajeti huanza Aprili, lakini taasisi huanza kuandaa makisio yake miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo barua ya Januari humkuta mkuu wa idara akiwa bado anapanga, na barua ya Julai humkuta akiwa ameshapanga.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Iandikwe kwa cheo cha mkuu wa taasisi, chini yake iwekwe "K.k. Mkuu wa Kitengo cha Usimamizi wa Ununuzi", na isiandikwe jina la mtu. Maofisa huhamishwa, na barua yenye jina la aliyehama inaweza kulala kwenye trei bila mwenyewe. Itaje bidhaa moja au mbili tu, uwezo wa karakana kwa wiki, kazi iliyokwisha kufanyika na mahali ilipofanyika, namba ya mlipakodi na usajili katika NeST. Ipelekwe masjala kwa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na kurudi na mwenyewe. Baada ya wiki mbili, nakala hiyo ndiyo inayomwezesha fundi kurudi na kuuliza barua yake imefika meza gani, bila kumbembeleza mtu.

Akipata nafasi ya kuonana na mkuu wa idara tumizi, aulize kuliko kusifia. Ovaroli za mwaka jana zilichanika wapi? Rangi ilidumu? Saizi zilitosha? Aulize pia jambo ambalo wengi hulisahau: je, bidhaa hii inanunuliwa kupitia mikataba maalumu ya GPSA, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini? Kama jibu ni ndiyo, taasisi huchagua miongoni mwa waliokwisha kuingia kwenye mikataba hiyo, na fundi wetu anapaswa kwenda kuomba huko GPSA kwanza. Swali hilo moja linaweza kumwokolea mwaka mzima wa kugonga mlango usio wake.

Sampuli aende nayo, ionekane, ishikwe, kisha arudi nayo. Ovaroli iliyoachwa mezani bila kuombwa kwa maandishi inaweza kusomeka kama zawadi. Wala asiombe sifa za bidhaa ziandikwe zimfae yeye peke yake. Kueleza jinsi kitambaa cha pamba tupu kinavyotofautiana na cha mchanganyiko ni kumsaidia mnunuzi, lakini kuomba itajwe chapa uliyonayo wewe dukani ni kuharibu zabuni kabla haijaanza.

Mpango wa mwaka ukishatoka, autafute kwenye mfumo wa NeST, nest.go.tz, aone ovaroli zimepangwa kununuliwa kipindi gani na kwa njia ipi. Hapo jambo muhimu la kuhakikisha ni kwamba fani ya biashara aliyosajili inalingana na bidhaa anayoiwinda. Aliyejisajili kama muuza vitambaa asishangae zabuni ya sare ikimpita. Na kama yuko katika kikundi cha vijana, wanawake, wazee au watu wenye ulemavu, aanze mapema kwa ofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yake, kwa kuwa sheria inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi hayo, na anayetambuliwa ni aliyesajiliwa.

Zabuni ikishatangazwa, ziara na simu zikome. Mwenye swali aombe ufafanuzi kwa maandishi ndani ya mfumo. Simu ya "naomba unikumbuke" wakati tathmini inaendelea haimsaidii mzabuni, na inaweza kumfungia milango yote. Akishindwa, asome taarifa ya kusudio la kutoa tuzo: inamtaja mshindi, na inampa aliyeshindwa nafasi ya kujua kwa nini. Akiona mshindi ni kampuni kubwa ya biashara isiyo na karakana, hapo amepata mnunuzi wa pili. Kampuni hiyo itahitaji mtu wa kushona.

Hata hivyo, mzigo huu usiachwe kwa fundi peke yake. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na mfumo wa NeST zimeweka zabuni hadharani, lakini tangazo halimwelezi mgeni aanzie wapi. Tunataka kila taasisi ya umma ibandike getini na kwenye tovuti yake mambo matatu: ofisi ya kitengo cha ununuzi iko wapi, siku na saa za kupokea wazabuni wapya ni zipi, na ni bidhaa gani inazinunua kupitia GPSA. Karatasi moja inatosha. Siku itakapobandikwa, fundi wa Morogoro atasoma mwenyewe getini kile ambacho leo dalali anamuuzia.