Breki ya hadi lini?

Jumanne saa nne usiku dem wangu alinitumia meseji: "Nahitaji breki." Basi.

Zamani ningetuma aya tano na sauti ya kulia. Safari hii niliandika mara moja: "Sawa, nimekuskia. Ni ya muda gani? Tutaongea ama tunyamaze? Na kuna kuona watu wengine?" Nikaweka simu chaji, nikalala. Vibaya, lakini nikalala.

Wasee, kuuliza sio kubembeleza. Kubembeleza ni kuuliza tena kabla hujajibiwa.

Kesho yake: "Sijui, tuone tu." Zii. Hiyo ni kuachwa pole pole. Nikamwambia nangoja hadi Jumapili ijayo, baadaye najihesabu singo.

Beste yangu anasema nina roho ngumu. Yeye anangoja "breki" yake tangu Januari, na jamaa ashapostiwa na mwingine.