KUPELEKA VYETI KWA NJIA YA MTANDAO

Vijana wengi hivi sasa waomba nafasi za masomo katika vyuo vya nchi za Kiarabu, na maombi hayo hayapelekwi tena posta: hupakiwa kwenye tovuti. Tumeona maombi yakirudishwa, na mwenyewe akidhani kuwa alama zake hazikutosha, hali ya kuwa kilichorudishwa ni faili lisilosomeka. Basi mwezi huu twapenda kueleza jambo hili kwa mfano mmoja.

Tuchukue kijana wa Tanga mwenye cheti cha kuzaliwa chenye maandishi mbele, na muhuri wa uthibitisho nyuma. Tafsiri yake ya Kiarabu ni ukurasa mmoja, na ukurasa wa pili una tamko la mfasiri. Hizo ni kurasa nne. Tovuti yamtaka apeleke faili moja la PDF lisilozidi megabaiti 2.

Kijana aliweka skana kwenye 600 dpi, akidhani kuwa kipimo kikubwa ndicho bora, akapata faili la megabaiti 9. Kisha akalibana kwa programu mpaka likafika 2. Faili likakubaliwa na tovuti, lakini nambari ya cheti ikawa ukungu na muhuri ukawa doa la buluu. Baada ya wiki tatu likarudishwa.

Kosa lake ni hili. Dpi ni idadi ya vitone katika kila inchi moja ya karatasi. Vitone hivyo huhesabiwa kwa upana na kwa urefu pia. Kwa hiyo ukipunguza kutoka 600 hadi 200, vitone havibaki theluthi, bali sehemu moja katika tisa. Faili la megabaiti 9 lingeshuka karibu na 1, na herufi za kawaida za cheti zingesomeka vyema. Kama maandishi ni madogo sana, 300 yatosha. Basi yafaa kurudi kwenye karatasi yenyewe na kuiskani upya, wala si kulibana faili lililokwisha kufanywa. Kwani ubanaji mkali hufuta kwanza mistari myembamba, nayo ndiyo nambari, saini na maandishi ya muhuri. Rangi nayo isiondolewe, maana muhuri wa buluu juu ya wino mweusi hautambulikani ukifanywa wote mweusi.

Wako pia wanaopiga picha kwa simu, kisha wakabadili jina la faili kutoka `cheti.jpg` kuwa `cheti.pdf`. Kubadili jina si kubadili aina. Ni kama kubandika karatasi ya sukari kwenye mkebe wa chumvi. Tovuti hulikataa, au hulipokea na msomaji akashindwa kulifungua. Yapasa picha igeuzwe PDF kwa programu ya kuskani iliyomo katika simu.

Sasa tuje kwenye mpango wa kurasa. Wengi hutanguliza vyeti vyote, halafu wakafuatisha tafsiri zote. Mkaguzi asomaye tafsiri ataka kuona asili yake papo hapo, alinganishe jina, tarehe na nambari. Kwa hiyo, isipokuwa tovuti imeagiza vingine, kijana wetu apange hivi: mbele ya cheti, nyuma ya cheti, tafsiri, kisha tamko la mfasiri. Cheti cha shule kifuate mpango huohuo katika faili lake. Ukurasa wa nyuma usiachwe, kwani tafsiri ikitaja muhuri ambao mkaguzi hauoni, huingia shaka.

Tafsiri yenyewe iskaniwe baada ya kutiwa saini na muhuri. Lile faili alilolituma mfasiri kabla ya kusaini halifai. Serikali ya Uingereza, kwa mfano, katika maombi ya viza hutaka mfasiri athibitishe kuwa tafsiri ni sahihi, na aandike tarehe, jina lake kamili, saini na maelezo ya kuwasiliana naye. Tena, ikiwa cheti kimetolewa upya na kupewa nambari nyingine baada ya kufasiriwa, tafsiri ya zamani hailingani nacho tena, nayo yataka kufanywa upya.

Mwisho, mtu asilikague faili lililo katika mashine yake tu. Akisha kulipakia, na alifungue kutoka kwenye tovuti yenyewe, ahesabu kurasa zake, kisha asome nambari ya cheti na maandishi ya muhuri bila kutazama karatasi. Akikwama hapo, basi mkaguzi naye atakwama. Na askani upya kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, kwani tovuti nyingi baada ya hapo haziruhusu kubadili kitu.