Kuku wana kufuli, dawa hazina

Ukizunguka Mtera, kuanzia ukuta wa bwawa hadi kambi za wavuvi, utaona makufuli kila mahali. Banda la kuku lina kufuli. Pikipiki inalala na mnyororo. Sanduku la bati lenye vitenge vya harusi lina kufuli, na ufunguo anatembea nao mwenyewe mama mwenye nyumba. Sasa muulize dawa anaweka wapi. Ziko kwenye mkoba uliotundikwa msumarini, au dirishani, au chini ya mto. Akijitahidi sana atakwambia: "Nimeziweka juu."

Tuseme wazi ni dawa gani inatupa wasiwasi zaidi, maana ndiyo haiogopwi na mtu. Si ya presha wala ya kifafa. Ni vidonge vya kuongeza damu, vile anavyopewa mjamzito kliniki, mara nyingi vyekundu, vimepakwa utando unaong'aa kama pipi. Watu huviona ni kama mboga za majani zilizokaushwa: vya kujenga mwili, havina madhara. Kwa mama ni kweli. Kwa mtoto anayejifunza kukimbia, ni miongoni mwa sumu mbaya kabisa zinazopatikana ndani ya nyumba. Na ajabu yake ni kwamba vinaingia hasa kwenye nyumba yenye mtoto wa umri huo. Mama ana mimba ya pili, wa kwanza ana mwaka na nusu, na huyo wa kwanza ndiye anayepekua mikoba.

Twende na hesabu, si ngumu. Kidonge kimoja kina takriban miligramu 60 za madini ya chuma. (Ukiona 200 kwenye kopo usichanganyikiwe, huo ni uzito wa chumvi nzima ya chuma, na chuma chenyewe humo ni kama theluthi.) Madaktari wanapima hatari kwa uzito wa mtoto. Akipita miligramu 20 kwa kila kilo, tumbo linaanza kuchafuka. Akifika 60 kwa kilo, maisha yake yako hatarini. Kwa lugha ya nyumbani, kidonge kimoja kwa kila kilo ya mtoto. Wa kilo 10 akila vidonge 10, amefika huko. Vitatu au vinne tu vinatosha kumpeleka hospitali. Na mama ametoka kliniki na 30, vya mwezi mmoja.

Sasa tuichukue nyumba moja ya kawaida, tusimtaje mtu. Mama ametoka kliniki, ametundika mkoba msumarini mbali na mtoto. Vizuri. Saa kumi jirani anapita kuuliza tarehe ya kurudi. Mkoba unashushwa, kadi inatolewa, mkoba unabaki kitandani. Mama anasimama mlangoni anamalizia maongezi, huku jikoni perege wanaungua. Dakika kumi. Mtoto amekuta kifuko cha plastiki, amekiuma pembeni kikapasuka, vidonge vimemwagika shukani. Anaramba, vitamu. Mama akirudi anakuta midomo myekundu na vidonge 18.

Jambo la kwanza ambalo watu hulikosea ni kungoja. Ndani ya saa sita za mwanzo mtoto hutapika, huharisha, pengine na damu, maana chuma kinachoma utumbo. Kisha hutulia. Anaacha kutapika, analala, anaomba maji, na nyumba nzima inashusha pumzi. Utulivu huo ni wa uongo. Chuma kimeshaingia kwenye damu na kinaelekea kwenye ini na moyo. Kesho yake au usiku huohuo mtoto anaweza kupoa mikono na miguu, kulegea na kushindwa kuamka. Waliorudishwa nyumbani kwa sababu "ametulia" ndio wanaokuja kupotea. Kwa hiyo mtoto aliyetapika kisha akanyamaza bado ni mgonjwa, na safari ya hospitali haiahirishwi.

La pili ni maziwa. Huku kwetu kila sumu dawa yake maziwa. Hayaondoi chuma tumboni, na mtoto anayetapika yanaweza kumpalia. Vidole kooni pia hapana. Hata mkaa wa hospitali, ule unaonasa sumu nyingine, chuma haukishiki. Kinachohitajika ni dripu, vipimo, na kwa aliyezidiwa, dawa maalumu inayokamata chuma kwenye damu ili kitoke kwa mkojo. Hiyo usitegemee kuikuta kwenye zahanati ya kijiji. Na sisi tunakaa katikati ya Dodoma na Iringa, zaidi ya kilomita mia kufika mjini. Anayeondoka saa kumi na moja jioni na kifuko chake mkononi, vidonge vimehesabiwa, saa ya kula imeandikwa, ana nafasi kubwa kuliko anayengoja asubuhi aone hali.

Ndipo tunakuja kwenye vifuniko vya chupa za dawa. Daktari wa watoto wa Kanada, Henri Breault, aliyekuwa akiwahudumia watoto waliokula dawa huko Windsor, Ontario, alichoka na kazi hiyo, na mwaka 1967 kikapatikana kifuniko cha kubonyeza huku unazungusha. Marekani ikatunga sheria yake mwaka 1970. Wengi mmeshakiona kwenye chupa za dawa za maji zinazotoka nje. Ndani yake kuna vifuniko viwili, kimoja kimevaa kingine. Ukizungusha tu, cha nje kinazunguka bure na kulia ka-ka-ka. Ukibonyeza, meno yanashikana na cha ndani kinafunguka. Mtoto hajui kufanya mambo mawili kwa mpigo.

Lakini msikipe sifa isiyo yake. Kipimo kinachotumika hupewa watoto wa miaka mitatu na nusu hadi minne na kidogo, wanaachwa na chupa dakika kumi, katikati wanaonyeshwa jinsi ya kufungua. Kifuniko kinahesabika kimefaulu ikiwa watoto 80 katika 100 wameshindwa. Maana yake hadi 20 wanaweza kufungua na chupa bado ikauzwa. Kinachelewesha mtoto ili wewe ufike. Hakikai zamu badala yako. Na kazi hiyo ndogo hakiifanyi kikifungwa nusu, au sukari ya dawa ikiwa imegandia kwenye nyuzi, au babu mwenye vidole vizito akiwa amekiegesha tu juu ya chupa. Kukijaribu ni rahisi: kizungushe bila kubonyeza. Kikilia na kukataa, ni kizima. Kikifunguka, futa nyuzi kwa kitambaa cha maji ya moto, funga tena, jaribu tena.

Shida yetu hasa ni kwamba hata hicho hatunacho. Vidonge vyetu mara nyingi vinahesabiwa kutoka kwenye kopo kubwa la zahanati au duka la dawa muhimu na kutiwa kwenye kifuko cha plastiki kinachobanwa kwa vidole. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, vifungashio vya huduma za afya viliachwa, na ni sawa, vinakinga dawa na unyevu. Ila meno ya mtoto havikingi. Tofauti na hivyo, mseto wa malaria tunaupata kila kidonge kwenye kitundu chake. Mtoto akitoboa cha kwanza na cha pili anachoka au anakutwa. Marekani walijaribu njia hiyohiyo kwa vidonge vya chuma kuanzia mwaka 1997, wakaagiza vyenye miligramu 30 na zaidi vifungwe kimoja kimoja, na vifo vya watoto wadogo kwa chuma vikashuka sana. Agizo lenyewe lilifutwa na mahakama mwaka 2003, sheria zao hizo, lakini kilichofanya kazi kilionekana. Bohari ya Dawa inaponunua vidonge vya wajawazito, ipime bei ya kufunga kimoja kimoja dhidi ya bei ya dripu na kitanda.

Hayo yatachukua miaka. Sanduku halichukui hata siku. Lile la bati lenye vitenge lipo tayari na kufuli lake. Dawa zote ziingie humo, za mama, za babu, za kifua, na mafuta ya kuchua. Asiye na sanduku achukue kopo la chuma lenye mfuniko, fundi wa kuchomelea amwekee vishikizo viwili na kufuli dogo. Kazi yote ni ya nusu siku. Kisha kuna sheria mbili tu za kushika. Dawa inatoka, inamezwa, inarudi, kufuli linafungwa, ndipo unakwenda mlangoni kuongea na jirani. Na ufunguo unakaa mwilini kwa mtu mzima, kwenye kamba ya shingoni au pindo la khanga. Ukiutundika msumarini, umerudi kulekule kwenye mkoba.

"Juu" si kufuli. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane anasukuma ndoo, anapanda kigoda, anafika mezani na toka mezani anafika dirishani. Kila mzazi ameshamshusha mahali ambapo hajui alipandaje. Bado tunarudia "nimeweka juu" kana kwamba mtoto atabaki na kimo cha leo.

Mgeni naye asisahaulike. Bibi akija kutoka Chipogoro na dawa zake za kisukari zimefungwa kwenye leso, mkoba wake unalazwa sakafuni chumba wanacholala wajukuu. Baadhi ya vidonge vya kushusha sukari, kimoja tu kinatosha kumwangusha mtoto mdogo. "Shikamoo bibi, naomba nikuwekee dawa zako kwenye sanduku" si utovu wa adabu. Na jamani, tuache kumwambia mtoto dawa ni pipi ili ameze. Anakumbuka.

Kliniki nayo ina sehemu yake, na haigharimu shilingi. Muuguzi anapohesabu vile vidonge 30 anaweza kuuliza: "Una mdogo nyumbani? Hivi utaviweka wapi?" Mama akijibu "juu," amuulize tena: juu ya nini?