SEHEMU YA 3: "Ni marisau ya kanga tu." Mama, usikubali sentensi hiyo!

Wadada na mama zangu, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Nipo Kipalapala, na huku kwetu Tabora bunduki siyo kitu cha sinema. Magobore yalikuja na misafara tangu zama za Mirambo na rugaruga wake, na mpaka leo kuna baba anayeegemeza shotigani nyuma ya mlango. Ukimuuliza, anacheka: "Hiyo ina marisau ya kanga, haiwezi kuua mtu."

Hebu tuelewane kwanza. Shotigani moja inaweza kubeba risasi za aina tatu. Ya kwanza ni marisau madogo ya ndege: punje mamia kadhaa ndani ya ganda moja, kila punje kama milimita 2 hadi 3. Kazi yake ni kanga na kwale. Ya pili ni marisau makubwa ya wanyama kama swala. Nyingine zimeandikwa SSG, na punje moja ina karibu milimita 7. Ya tatu haina punje kabisa. Ni kipande kimoja kinene cha kama gramu 28, cha kumwangushia mnyama mkubwa. Hicho kinalengwa mpaka mita 75 hivi, lakini kikikosa kinaendelea kwenda mbali sana.

Sasa baba anasema marisau madogo hayana nguvu. Ni kweli, kwa mbali! Punje ndogo inapoteza kasi haraka, ndiyo maana mwindaji hahangaiki na kanga aliye zaidi ya mita 40. Lakini punje hazitoki mtutuni zikiwa zimetawanyika. Zinatoka zimeshikana, halafu zinaachana njiani. Kwa kukadiria, kila mita moja zinapanuka kama sentimita 2 na nusu, na mtutu uliobanwa mdomoni unazichelewesha zaidi. Kwa hiyo kwenye mita 20 zimeenea kama nusu mita, na kwenye mita 40 zimefika mita nzima.

Chukua futi upime sebule yako. Mita 3? 4? Kwa umbali huo mzigo wote unaingia mahali penye upana wa kiganja chako. Ndani ya nyumba hakuna marisau ya kanga, mama. Kuna donge moja la risasi.

Nimewauguza wote wawili. Kijana mmoja alipigwa mgongoni porini na mwenzake, umbali wa kama mita 40. Picha ya eksirei ilijaa nukta nyeupe, nyingi zikiwa chini ya ngozi tu. Siku ya pili alienda nyumbani. (Hata hivyo, punje moja kama hiyo ikiingia jichoni, jicho limekwenda.)

Wa pili ni mtoto wa miaka 9. Kaka yake aliichezea bunduki ya nyuma ya mlango, hawakuachana hata mita 2. Marisau yaleyale ya ndege. Pajani palikuwa na tundu moja, ukubwa wa yai la kuku, na ndani daktari alitoa kizibo cha plastiki cha risasi na vipande vya kaptula. Mtoto alipona, lakini leo anatembea kwa gongo. Baba yake alirudia wodini, "Lakini yalikuwa ya kanga tu..." Nilishindwa kumjibu.

Siyo maneno yangu peke yangu. Tangu 1963 madaktari Sherman na Parrish waligawa majeraha ya shotigani kwa umbali: zaidi ya yadi 7, kati ya 3 na 7, na chini ya 3. Hilo kundi la mwisho ndilo la kutisha, na ndilo la nyumbani kwako.

Na gobore? Hilo ndo baya zaidi. Linashindiliwa baruti na chochote: gololi, vipande vya nondo. Hata mwenyewe hajui litatawanya vipi.

Basi ikitokea, bana jeraha kwa kitambaa safi, kwa nguvu, usiachie. Usichokoe punje, usimwagie mafuta ya taa. Kimbilia hospitali, PF3 itafuata. Ukifika, tuambie mambo mawili: alikuwa umbali gani, na risasi gani. Ganda liko wapi, tuambie pia. Tundu la nje linaweza kuwa dogo na ndani pameharibika.

Na leo usiku, muulize baba watoto: bunduki imefungiwa wapi, na risasi zake ziko wapi? Majibu mawili tofauti, makufuli mawili tofauti. Akikuambia "ni ya kanga tu", mpe futi apime sebule.

Sehemu ya 4 kesho, nikitoka zamu ya usiku.