Walimu wa jimu, acheni kutuambia "vuta"

Leo naomba niseme jambo bila kumung'unya maneno. Kuna neno moja dogo linaloumiza migongo ya watu kwenye jimu zetu za mjini, nalo ni "vuta". Utalisikia kila jioni kwenye ile mashine ndefu ya kupiga makasia, ile yenye kiti kinachoteleza juu ya reli na mnyororo unaozungusha gurudumu la upepo. Mwalimu kasimama pembeni, mikono kiunoni: "Vuta! Vuta kaka! Vuta!" Na kaka anavuta kweli. Mikono inaanza, mabega yamepanda mpaka masikioni, mgongo umekunjwa kama upinde, miguu inafuata nyuma kama abiria aliyechelewa basi. Akishuka anashika kiuno. Anaambiwa, usijali, mazoezi yanaingia.

Hapana jamani. Kinachoingia hapo siyo mazoezi. Mgongo wa chini ndiyo sehemu inayotajwa zaidi kuumia kwa wapiga makasia, na hao ni watu waliofundishwa vizuri. Sasa wewe uliyetoka kukaa kwenye kiti cha ofisi saa nane, ukapandishwa kwenye mashine na kupewa neno moja tu la maelekezo, unategemea nini?

Nadhani najua tumelitoa wapi neno hili. Ukikulia karibu na maji, Mwanza, Kigoma au Bagamoyo, umemwona mtu na kafi. Mwenye kafi anatazama mbele anakokwenda, makalio yake hayatembei, na sehemu kubwa ya kazi inafanywa kuanzia kiunoni kwenda juu. Kasia ni kitu kingine. Mwenye kasia ameipa mgongo safari yake, na kasia lenyewe limeegemezwa ubavuni mwa chombo. Katika karne ya 19 watu wa mashindano waliongeza kiti kinachoteleza ili miguu nayo iingie kazini. Mashine ya jimu imeiga chombo hicho cha mashindano, haikuiga mtumbwi wa kafi. Kile kiti kinatembea kwa sababu ya miguu. Ingekuwa ni mashine ya kuvuta tu, wangekipigilia kiti misumari na kuokoa gharama ya reli!

Kwa hiyo neno sahihi ni "sukuma". Unaanza ukiwa mbele, magoti yamekunjwa, mikono imenyooka, kiwiliwili kimeinama kidogo kuelekea gurudumu. Unasukuma kibao cha miguu kama mtu anayetaka kukitenganisha na mashine. Wakati huo mikono ni kamba tu na mgongo ni mlingoti: havifanyi lolote zaidi ya kupeleka nguvu ya miguu kwenye mpini. Miguu ikikaribia kunyooka, ndipo kiwiliwili kinafunguka kwa nyonga na kuegemea nyuma kidogo. Mwisho kabisa mikono inauleta mpini chini ya kifua. Miguu, kiwiliwili, mikono. Kama unataka kipimo, mtazame mtu kwa ubavu, gurudumu likiwa upande wako wa kulia, ufikirie uso wa saa ya ukutani. Mwanzo kiwiliwili kinaelekea saa saba, mwisho kinaelekea saa tano. Basi. Anayelala mpaka saa nne anajichosha tumbo bure.

Mpaka hapa walimu wengine watasema, hayo tunayajua, na sisi huwa tunawaambia watu wanyooshe mgongo. Hapo ndipo ugomvi wangu hasa ulipo. Amri ya "nyoosha mgongo" inatolewa wakati mtu anasukuma, na wakati huo umeshachelewa. Mgongo unaokunjika wakati wa kusukuma ulikunjwa sekunde moja kabla, wakati wa kurudi mbele. Ukitaka kutibu, tibu kurudi.

Fuatana nami taratibu. Umemaliza pigo, umeegemea nyuma, mpini uko chini ya kifua. Njia sahihi ya kurudi ni ileile iliyogeuzwa: mikono inanyooka kwanza, kisha kiwiliwili kinainama mbele kwa nyonga, na magoti yanakunjwa mwisho. Kwa nini utaratibu huu ni lazima? Kwa sababu miguu ikiwa imenyooka au imelegea kidogo tu, nyonga zina nafasi ya kuzunguka. Unainama kama mtu anayeweka mzigo juu ya meza, huku mgongo umebaki na umbo lake. Lakini ukikunja magoti kwanza, mapaja yanapanda na kuziba njia. Nyonga zinakwama zikiwa zimelala nyuma, unakalia karibu na mfupa wa mkia, na bado mpini unatakiwa ufike mbele. Mwili utaupata wapi urefu uliokosekana? Utaupata kwenye mgongo wa chini, kwa kuukunja. Halafu hapohapo, ukiwa umekunjika hivyo, unatandika miguu kwa nguvu zako zote. Mzigo mkubwa kuliko wote kwenye pigo unapita katika mgongo uliokaa vibaya kuliko wakati wowote.

Dalili ya kosa hili huhitaji daktari kuiona. Mpini ukirudi na kulazimika kuruka juu ya magoti, ujue magoti yamewahi. Kuna ndugu yake wa karibu: ukianza kusukuma, kiti kinakimbia nyuma lakini mpini umebaki palepale. Miguu imeshanyooka na mnyororo haujaenda popote, kwa hiyo kazi yote iliyobaki inaangukia kiunoni. Kiti na mpini vinatakiwa kuondoka pamoja. Weka simu yako sakafuni, kwa ubavu, jirekodi mapigo 20. Simu haina adabu ya kukusifia kama mwalimu.

Dalili nyingine ni muundi, ule mfupa wa mbele wa mguu. Ukiwa mbele kabisa, muundi usimame wima, usilale kupita hapo. Wengi wanadhani kwenda mbele zaidi ni kupata pigo refu. Urefu unaoupata kwa kuubana mwili mpaka kisigino kiko hewani na mgongo umekuwa mviringo ni urefu wa kukopa, na anayelipa riba ni kiuno. Kama misuli ya nyuma ya mapaja yako imekaza, ishia mapema kidogo, au shusha kibao cha miguu tundu moja au mawili ili magoti yasipande sana.

Sasa twende kwenye ile swichi ya pembeni ya gurudumu, yenye namba 1 mpaka 10. Kuna jimu moja hapa mjini ambako nimekuta mashine zote zimewekwa 10, na ukishusha unaonekana mnyonge. Huu ni ujinga, samahani. Ile namba siyo kilo. Inaongeza au kupunguza hewa inayoingia kwenye gurudumu. Ikiingia hewa nyingi, gurudumu linapunguza mwendo haraka ukiwa unarudi, na kila pigo unalikuta limelala na inabidi uliamshe upya. Uzito wa kuliamsha unaupata mwanzoni mwa pigo, palepale ambapo mgongo ukikosea ndipo unakosea. Na wala hupati zawadi, kwa sababu kompyuta ya mashine inapima jinsi gurudumu linavyopungua mwendo na kuhesabu kazi yako kutokana na hilo. Watengenezaji wa Concept2, mashine iliyo maarufu kuliko zote, wenyewe wanashauri wengi waanze na 3 mpaka 5. Ushujaa wa 10 hawakuuandika wao.

Tufanye hesabu kidogo ili tusibaki kwenye maneno. Chukua dada mmoja anayekwenda mwendo wa 2:30 kwa kila mita 500. Kwenye skrini ataona 2:30 na pembeni /500m. Chini ya kelele za "vuta" anapiga mapigo 30 kwa dakika, skrini inaandika 30 s/m. Katika dakika mbili na nusu hizo amepiga mapigo 75, kila moja likimpa chini kidogo ya mita 7. Anarudi mbele kama anakimbizwa, magoti yanawahi, mgongo unakunjika mara 75.

Sasa mshushe mpaka 20 s/m, mwendo uleule wa 2:30. Mapigo ni 50, na kila moja linampa mita 10. Kila pigo linachukua sekunde 3: takriban moja ya kusukuma na mbili za kurudi. Katika sekunde hizo mbili ana muda wa kunyoosha mikono, kuinama kwa nyonga, na ndipo akunje magoti. Mwendo haukupungua hata sekunde moja, ila mgongo wake umepewa safari 25 pungufu, na zile 50 zilizobaki zina utaratibu. Kama hawezi kufikia 2:30 kwa mapigo 20, basi tumegundua kitu: miguu yake ilikuwa haifanyi kazi, idadi ya mapigo ilikuwa inaficha. Aende 2:45 kwanza, atapanda.

Zoezi la kumfundisha ni rahisi na halina kelele. Apige mapigo 10, na katika kila kurudi asimame kidogo pale ambapo mikono imenyooka, kiwiliwili kimeshainama, na magoti bado hayajakunjwa. Ahesabu moja, ndipo ateleze mbele. Akiteleza, kiwiliwili kisiongeze kuinama hata kidogo, kiti tu ndicho kinasogea. Halafu mapigo 10 ya miguu peke yake: mikono imenyooka, kiwiliwili kimebaki mbele, asukume tu. Mpini usipotembea na kiti, ataona mwenyewe.

Najua atatokea mtu aniambie mabingwa wa dunia nao wanaonekana wamepinda mgongo. Ni kweli, sehemu ya juu ya mgongo ina mkunjo wake wa kawaida, na mabega yaliyolegea yanauongeza. Sijadai mtu akae kama askari kwenye gwaride. Ninacholalamikia ni mgongo wa chini kukunjika na kuendelea kukunjika zaidi wakati mzigo umeshaingia. Na hata anayejua hupoteza umbo akichoka, ndiyo maana pigo la dakika ya 30 siyo sawa na la dakika ya 5. Umbo likiondoka, shuka, hata kama zimebaki mita 400. Na maumivu yakishuka kwenye mguu, au ganzi ikaingia, hilo siyo la kocha tena, ni la hospitali.

Kwa hiyo walimu wetu, mnalipwa kwa kila mwezi tunaolipa sisi. Tupeni maneno mawili badala ya moja: "sukuma" tukienda, na "mikono kwanza" tukirudi. Anayeona "vuta" lina faida, anionyeshe picha ya simu iliyochukuliwa kwa ubavu, tubishane tukiitazama.