Tupime Chumvi Kwanza, Kisha Tuandike

Mwaka jana tuliwapa vijana wetu insha ya likizo: "Eleza uzalishaji wa chumvi katika pwani ya Tanzania." Walirudi na insha 40 safi, zenye Kiingereza kilichonyooka kuliko tunachosikia darasani. Tulipozisoma mfululizo tukaanza kusikia sauti moja. Aya ya kwanza ilisifu umuhimu wa chumvi kwa uchumi, ya mwisho ikahimiza wadau washirikiane. Seminari yetu iko upande huu wa Bagamoyo, na mashamba ya chumvi ya Saadani yako ufukweni kaskazini mwetu. Lakini hakuna insha hata moja iliyoeleza jaruba la chumvi linavyoonekana au linavyonuka.

Wengine walikuwa wametumia akili mnemba kwenye simu za nyumbani. Wengine, tulikuja kujua baadaye, waliandikiwa na kaka au dada aliye chuoni. Tulikasirika. Baada ya hasira kupoa tukajiuliza swali ambalo ndilo sababu ya makala hii: je, zile insha 40 zilikuwa kosa la vijana peke yao, au nasi tuliotunga swali lile tulikuwa na sehemu yetu?

Kuuza na kununua insha hakukuanza na mashine. Jirani zetu wa Kenya wana maelfu ya vijana wasomi, hasa Nairobi, ambao kwa miaka mingi wamejipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Filamu ya mwaka 2024 iitwayo The Shadow Scholars inamfuata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, akikutana na waandishi hao. Ni watu wenye akili na bidii, wanaoweza kuandika juu ya jambo wasilowahi kulisoma, mradi mteja awatumie swali. Hapo ndipo tulipopata kipimo chetu: kazi yoyote inayoweza kuelezwa yote kwa ujumbe mmoja wa simu inaweza kununuliwa, au kuandikwa na mashine. Swali letu la chumvi lilikuwa na maneno manane tu.

Wapo waliotushauri tununue programu za kutambua maandishi ya mashine. Tulikataa, na tunaomba shule nyingine zifikiri kabla ya kukubali. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zilidaiwa kuwa za mashine. Mwaka huohuo, mwezi Julai, kampuni ya OpenAI iliyotengeneza ChatGPT iliiondoa programu yake yenyewe ya utambuzi kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Kijana wetu anayeandika Kiingereza kama lugha ya tatu, baada ya lugha ya mama na Kiswahili, ndiye hasa atakayeonewa. Na katika seminari, tuhuma ya uongo si suala la alama tu. Inaweza kumfunga mtu njia ya wito.

Kwa hiyo tulibadilisha swali. Safari hii tuliwapeleka vijana Saadani kwa siku moja, kwa ruhusa ya wenye mashamba ya chumvi. Walikwenda wawili wawili. Baadhi ya jozi zilichota maji ufukweni, nyingine zikachota kwenye jaruba ambalo maji yake yalikuwa yameanikwa juani kwa siku kadhaa. Wenzi wawili walichota mahali pamoja na saa ileile, lakini kila mmoja alibeba chupa yake. Seminarini kila mmoja alipima nusu lita, akaichemsha mpaka ikakauka, akapima chumvi iliyobaki kwa mizani ya jikoni isomayo gramu nzima tu. Kila kitu kiliandikwa kwa kalamu kwenye daftari, palepale, pamoja na saa, na hakuna kurasa iliyochanwa.

Maji ya bahari ya kawaida huwa na gramu 35 hivi za chumvi katika kila kilo, kwa hiyo nusu lita inapaswa kuacha gramu 17 au 18. Hilo liko vitabuni. Lakini maji ya jaruba hayana jibu kitabuni, maana yanategemea jua la wiki ile na siku ambazo yamekaa. Aliyeyachota na kuyachemsha ndiye anayejua. Mwenzake aliyechota mahali palepale ndiye shahidi wake, kwa kuwa namba zao hazipaswi kupishana sana, na zikipishana lazima pawe na sababu.

Kijana mmoja wa kundi la ufukweni alipata gramu 23, mwenzake akapata 18. Rasimu ya kwanza iliandikwa darasani, kwa mkono, kwa dakika 40, nasi tukaikusanya na kuitunza. Ndani yake aliandika kwa kujiamini kwamba bahari ya Saadani ina chumvi nyingi kupita bahari nyingine. Hatukumsahihisha. Tulimwandikia pembeni swali moja: "Mbona mwenzako amepata 18?" Akarudi jikoni, akaikausha tena chumvi yake kwa moto mdogo, akapima: gramu 19. Kumbe ilikuwa bado na unyevu. Chumvi ya bahari ina magnesi ndani yake, nayo hushika maji na kuyavuta hata kutoka hewani, ndiyo maana chumvi ya mawe hulowa wakati wa masika. Rasimu yake ya pili ilisimulia kosa hilo na namna alivyoligundua, na ikawa kazi bora kuliko zote 40 za mwaka uliotangulia.

Kijana mwingine alileta gramu 17.5. Namba nzuri, karibu kabisa na ya kitabu. Lakini mizani yetu haisomi nusu gramu. Hatukumshtaki. Kila mwanafunzi alikuwa na dakika tano za kuulizwa ana kwa ana, na zamu yake ilipofika tulimwuliza kwa upole: "Sufuria tupu ilikuwa na uzito gani?" Aliyepima kweli hawezi kulisahau jambo hilo, kwa kuwa bila uzito wa sufuria huwezi kupata uzito wa chumvi. Alinyamaza, kisha akasema ukweli: maji yake yalimwagika, akaogopa kusema. Tulimpa nusu lita nyingine kutoka chupa ya mwenzake, akaanza upya. Angeandika tu kwamba yalimwagika, asingepoteza alama hata moja.

Tusidanganyane: hakuna sehemu ya mpango huu isiyoweza kupenywa ikiwa peke yake. Rasimu inaweza kutengenezwa kinyumenyume, mtu akachukua kazi iliyokamilika na kuiharibu kidogo. Waandishi wa kulipwa nao huuza rasimu kwa hatua, mteja akitaka. Namba zinaweza kubuniwa, na tafakuri inaweza kuandikwa na mashine kwa machozi kabisa. Kinachosaidia ni kuzifunga pamoja na kuzipokea kwa wakati wake: daftari siku ya kazi, rasimu siku ya darasa, mazungumzo mwishoni. Anayetaka kudanganya atalazimika kuifanya karibu kazi yote ili uongo wake ukubaliane.

Utafiti mkubwa wa Australia, ulioongozwa na marehemu Profesa Tracey Bretag na kuchapishwa mwaka 2019, uliwauliza wanafunzi zaidi ya 14,000 wa vyuo vikuu. Walisema kazi ambazo wasingefikiria sana kuwapa wengine ni zile zinazofanyika darasani, zinazojibiwa kwa mdomo, zinazomhusu mwanafunzi mwenyewe na zinazotafakari mazoezi aliyoyafanya. Lakini kazi zenye muda mfupi sana wa kukabidhi ziliwavuta zaidi kudanganya. Kwa hiyo walimu wanaodhani kubana muda ndiyo dawa wanaongeza ugonjwa.

Gharama ipo. Dakika tano kwa vijana 40 ni zaidi ya saa tatu, mbali na kusoma rasimu mara mbili. Tuliweza kwa kupunguza: badala ya insha nne kwa muhula, moja tu. Alama tulizigawa hivi: daftari la vipimo 20, rasimu ya kwanza 20, rasimu ya mwisho 30, tafakuri 10, mazungumzo 20. Aliyeanza vibaya akasahihisha vizuri hapungukiwi, na aliyeleta insha nzuri isiyo na njia hafiki hata nusu.

Limebaki jambo moja ambalo nyumba za malezi kama yetu zinapaswa kuliangalia kuliko shule nyingine. Tafakuri ni neno tunalolipenda, na ni rahisi mwalimu kuuliza: "Kazi hii imekugusaje moyoni? Umejifunza nini kuhusu udhaifu wako?" Tunasema hapana. Kanuni ya 220 ya Sheria ya Kanisa inalinda haki ya kila mtu ya kutoingiliwa mambo yake ya ndani. Kanuni ya 240 inakataza kumwomba baba wa kiroho au muungamishi maoni pale inapoamuliwa kama kijana apewe daraja au aondolewe seminarini. Kama Kanisa limeweka ukuta huo, mwalimu wa jiografia asiuruke kwa kisingizio cha alama 10. Tafakuri yetu ina swali moja, nayo hujibiwa darasani kwa dakika 15: "Taja jambo moja ulilobadilisha kati ya rasimu ya kwanza na ya pili, na kilichokufanya ulibadilishe." Inauliza juu ya kazi, haigusi dhamiri. Tena ndilo swali gumu zaidi kulijibu kwa mtu ambaye hakuandika.

Kwenu wazazi na wanaparokia: likizo ijayo vijana watakuja kwenu na madaftari. Watauliza bei ya dagaa sokoni siku mbili tofauti, au saa maji yanapojaa na kupwa hapo kwenu. Wajibuni, na tarehe ikiandikwa wekeni sahihi pembeni. Kijana akikosa siku moja kwa sababu ya mvua au msiba, mwambieni aandike hivyohivyo kwamba alikosa. Tafadhali msimjazie.